Sifuri ya Jumapili si sifuri ya Jumanne

Kuna mtu aliniuliza kwa komenti mbona siku zingine chaneli inakaa kimya kabisa, na mimi huwa najuaje kama ni kimya cha kawaida ama kitu kimeharibika. Swali poa sana, na jibu lake si fupi, kwa hivyo nimeamua kuliandikia.

Kwa wale wenye wamejiunga juzi: hii chaneli inakusanya nafasi za kazi na za mafunzo kutoka kurasa sita za kaunti. Mimi sikai chini kusoma kurasa zote sita kila siku. Kuna skripti ya Python inaamka saa moja jioni, inafungua kila ukurasa, inasoma nafasi zote ziko pale, zile mpya inazituma Telegram, zile za zamani inaziruka. Kazi yote inaisha kwa dakika kama mbili. Hiyo kuamka mara moja ndiyo naita raundi.

Skripti niliachiwa na rafiki yangu wakati alipata kazi na hakuwa na muda tena. Vile alikuwa ameiandika, kila raundi ilimaliza kwa kusema neno moja tu: "Imekamilika." Sasa fikiria. Iwe imetuma nafasi thelathini, iwe haijatuma hata moja, neno ni lilelile. Imekamilika. Ni kama kumtuma kijana dukani, anarudi mikono mitupu anakwambia "nimeenda." Sawa umeenda, lakini unga uko wapi?

Ukurasa mmoja ulinyamaza hivyo siku tisa bila mtu kugundua, kwa sababu zile zingine tano zilikuwa zinaendelea kutuma na chaneli ilionekana iko hai. Ni kijana mmoja wa Kitengela ndiye aliandika akiuliza mbona hakuona nafasi ya fundi bomba kwetu, na yeye hutegemea hapa. Nafasi ilikuwa imeshafungwa.

Kitu cha kwanza nilibadilisha ni kuifanya skripti ihesabu. Kila raundi, kwa kila ukurasa, inaandika mstari mmoja kama huu:

```
Jumanne  ukurasa=C  zimeonekana=14  zimetumwa=9  zimerukwa=5  zimekwama=0
```

Zimeonekana ni nafasi zote skripti imekuta kwenye ukurasa, mpya na za zamani. Zimetumwa ni zile imepeleka Telegram. Zimerukwa ni zile imeziacha kwa sababu inayojulikana, kama vile tulishaziweka ama tarehe ya mwisho imepita. Zimekwama ni zile imejaribu kuzisoma ikashindwa. Sheria ni kwamba ile ya kwanza lazima iwe sawa na jumla ya zingine tatu. Hapo juu, 9 na 5 na 0 inafanya 14, hesabu imefunga. Ikionekana 14 halafu zingine zifanye 12, kuna nafasi mbili zimeangukia njiani na hakuna mtu amezihesabu. Mama yeyote wa kibanda anajua hii hesabu: mandazi yaliyotoka jikoni ni yaliyouzwa, yaliyobaki na yaliyoungua. Isipofunga, kuna mtu amekula.

Ukishakuwa na hizo namba, sifuri inaacha kuwa kitu kimoja. Ikiwa zimeonekana ni 0, skripti haijaona kitu kabisa. Kwa kurasa zangu hiyo ni noma siku yoyote, hata Jumapili, kwa sababu nafasi hukaa ukurasani wiki mbili hivi mpaka zifungwe, na ni nadra ukurasa uwe mtupu kabisa. Mara nyingi maana yake ni kwamba wenye tovuti wamebadilisha muundo. Skripti inatafuta visanduku vya jina fulani, havipo tena, inapewa orodha tupu. Na Python haioni orodha tupu kama kosa. Unaiambia "kwa kila nafasi kwenye orodha, fanya hivi," orodha haina kitu, basi inafanya mara sifuri na kuendelea na maisha yake. Hakuna mstari mwekundu, hakuna kelele.

Lakini sifuri ambayo imenisumbua kichwa zaidi ni ile ingine, ya zimetumwa. Zimeonekana 15, zimetumwa 0, zimerukwa 15. Hesabu imefunga vizuri kabisa. Hiyo ni mbaya ama ni sawa?

Inategemea leo ni siku gani.

Ofisi za kaunti hazifanyi kazi Jumapili. Hakuna mtu ataamka aende kuweka tangazo la kazi. Kwa hivyo skripti ikifungua ukurasa Jumapili itakuta zilezile za Ijumaa, izitambue zote, iziruke zote, itume sifuri. Hivyo ndivyo inafaa kuwa. Jumanne ni hadithi tofauti. Gazeti la matangazo ya serikali, MyGov, hutoka Jumanne, na kwenye rekodi zangu Jumanne ndiyo siku nzito kuliko zote. Jumatano na Alhamisi ni za katikati. Ijumaa ni bahati nasibu, saa zingine mbili, saa zingine hakuna.

Kwa hivyo ukiweka kengele ilie kila mara ikituma sifuri, itakulilia kila Jumamosi na kila Jumapili, kwa kurasa sita. Baada ya wiki mbili hutaisoma tena. Utaizima sauti, na siku italia kwa sababu ya maana utakuwa umeizoea kama honi za matatu pale Odeon. Na ukiamua basi isilie kamwe kwa sifuri, umerudi kwa "Imekamilika."

Dawa ni kulinganisha Jumanne na Jumanne. Skripti inaangalia ukurasa huohuo, siku hiyohiyo ya wiki, wiki nane zilizopita, inahesabu ni mara ngapi ilituma sifuri. Kama sifuri ilitokea mara moja ama haikutokea kabisa, na leo ni sifuri, kengele inalia:

```python
if wiki >= 8 and zimetumwa == 0 and sifuri_za_nyuma <= 1:
    piga_kengele(ukurasa, siku)
```

Ni mistari miwili tu. Sikutumia wastani kwa makusudi. Kaunti ikitangaza walimu wa chekechea wa wadi zote kwa mpigo, siku hiyo moja inaweza kuwa na nafasi arobaini, na wastani wako wa siku hiyo unapanda kwa miezi miwili bila sababu. Mimi sitaki kujua Jumanne "hutoa ngapi." Nataka kujua tu kama Jumanne huwa na sifuri.

Na angalia, ni kwa kila ukurasa, si jumla. Hii ndiyo ilimkamata rafiki yangu, na ndiyo ingenikamata mimi kwa hiki kisa kinachofuata.

Ilikuwa Jumanne ya mwisho-mwisho wa Juni. Kurasa tano zilituma nafasi 19 zikijumlishwa, chaneli ilikuwa inachemka, watu wanashea. Saa moja na dakika tatu jioni simu ikalia: ukurasa C, Jumanne, zimetumwa 0. Nikafungua rekodi. Jumanne nane zilizopita ukurasa C ulikuwa umetuma 9, 4, 12, 7, 10, 6, 8 na 11. Hakuna sifuri hata moja. Jumapili nane za ukurasa huohuo zilikuwa 0, 0, 0, 1, 0, 0, 0, 0. Sifuri ya leo ingekuja Jumapili, nisingeambiwa chochote, na ingekuwa sawa.

Mstari wa siku hiyo ulikuwa hivi:

```
Jumanne  ukurasa=C  zimeonekana=15  zimetumwa=0  zimerukwa=15  zimekwama=0
```

Cheki vile inakaa safi. Ukurasa umefunguka, nafasi 15 zimeonekana, hakuna iliyokwama, hesabu imefunga. Mtu angekupa huo mstari bila kukwambia siku ungesema skripti iko fiti.

Kilichonisaidia kuendelea ni kwamba skripti haisemi tu imeruka ngapi, inaandika pia sababu. Nikaangalia: nne zimerukwa kwa sababu tulishaziweka, kumi na moja zimerukwa kwa sababu tarehe ya mwisho imepita. Hapo ndipo nikakaa vizuri kwa kiti. Nafasi kumi na moja ambazo hatujawahi kuziona, zimetokea leo mara ya kwanza, na tayari zimepitwa na tarehe? Nani anatangaza kazi iliyofungwa?

Nikafungua ukurasa kwa macho yangu. Kumbe kaunti walikuwa wamepiga tovuti yao rangi mpya. Muundo wa visanduku ulibaki uleule, ndiyo maana skripti iliona zote 15. Lakini tarehe zilikuwa zimegeuka. Zamani waliandika siku kwanza halafu mwezi, vile sisi wote tunaandika hapa Kenya. Muundo mpya unaandika vile Wamarekani huandika, mwezi kwanza. Nafasi zote mpya zilikuwa zinafungwa Ijumaa tarehe 3 Julai, na ukurasa uliandika 07/03. Skripti ikasoma tarehe 7 Machi. Ikasema hii imefungwa zamani, songa. Mara kumi na moja.

Ingekuwa zinafungwa tarehe 26 Juni, wangeandika 06/26, skripti ingetafuta mwezi wa ishirini na sita, ikose, na zingehesabiwa kama zimekwama. Hiyo ningeiona hata bila mambo ya Jumanne. Ni kwa sababu tarehe ilikuwa ndogo, 3, ndiyo ikapita kimyakimya kama mwezi halali. Tarehe yoyote kuanzia 1 hadi 12 inaweza kukufanyia hivyo. Na si lazima ionekane imepita. Nafasi ya kufungwa 7 Machi ikiandikwa 03/07 inasomwa 3 Julai, na hapo ungetuma nafasi iliyokufa miezi minne kama iko hai.

Kurekebisha kwenyewe kulichukua dakika kumi. Nilibadilisha mpangilio wa tarehe kwa ukurasa huo mmoja, nikaendesha raundi upya: zimeonekana 15, zimetumwa 11, zimerukwa 4. Zikaingia chaneli kabla ya saa mbili usiku. Kati ya hizo kumi na moja, sita zilikuwa za mafunzo kwa wenye cheti na diploma, na bahasha ilikuwa ipelekwe kwa mkono kabla ya saa kumi na moja jioni siku ya mwisho. Walitaka pia cheti cha nidhamu njema, na wenye mmewahi kukifuata mnajua hakitoki siku moja. Siku kumi ni muda wa kutosha kama umeona tangazo siku ya kwanza. Ukiliona Jumatano ya wiki inayofuata, umebaki na siku mbili na nauli ya kukopa. Kuna dada mmoja alinitumia picha ya bahasha yake imegongwa muhuri wa kupokelewa. Sijui kama alipata, hajasema, na sijamuuliza.

Baada ya hapo niliongeza sheria moja ndogo: nafasi ambayo haijawahi kuonekana na inadai tarehe yake imepita hairukwi. Inaingia zimekwama, na mtu anaiangalia. Mtu ni mimi.

Sasa, hii njia ina mashimo yake, na ni vizuri uyajue kabla hujaichukua.

Wiki nane si nyingi. Tuseme kuna ukurasa ambao kwa kweli huwa na sifuri Jumanne moja kati ya kumi. Uwezekano wa kupita Jumanne nane bila kuona sifuri hata moja ni kama 43 kwa mia. Kwa hivyo kengele italia siku zingine na ukute hakuna shida, kaunti tu haikutangaza kitu. Mimi hilo nimekubali. Kengele ya uongo inanigharimu dakika mbili za kufungua ukurasa na kuangalia, na kijana wa Kitengela alipoteza nafasi nzima.

Upande wa pili ndio unauma. Ukurasa ukiharibika Jumatano, na Jumatano yake huwa na sifuri mara tatu kati ya nane, kengele hailii. Alhamisi labda hivyohivyo. Kwa ukurasa mvivu inaweza kufika Jumanne inayofuata ndiyo ujue, na hizo ni siku sita. Ndiyo maana kengele ya zimeonekana 0 iko kazini kila siku bila kuangalia kalenda, na ile sheria ya tarehe pia.

Halafu kuna rekodi kuchafuka. Hii ni ya ujanja. Ukurasa ukiharibika na usiurekebishe haraka, kila Jumanne inaandika sifuri. Ya kwanza inalia. Ya pili inalia bado, kwa sababu nyuma kuna sifuri moja tu. Ya tatu sasa inakuta sifuri mbili nyuma, inasema "aah, huyu ni kawaida yake," inanyamaza. Yaani kosa likikaa sana linageuka tabia. Kwa hivyo nikishajua sifuri fulani ilikuwa ya kuharibika, naiwekea alama kwenye rekodi isihesabiwe tena. Zile wiki nane zinatafutwa kwa siku nzima tu.

Na kama unaandika ya kwako, chunga namba za siku. Kwa Python, `weekday()` inaita Jumatatu 0 na Jumanne 1. Kwa SQLite, `strftime('%w')` inaita Jumapili 0, Jumatatu 1, Jumanne 2. Ukihifadhi kwa moja na kuuliza kwa ingine, Jumanne yako italinganishwa na Jumatatu za watu na hutaambiwa. Na sisi wenyewe ukiskiza majina, tunaanza kuhesabu Jumamosi: mosi, pili, tatu. Kalenda tatu tofauti kwa faili moja. Mimi naandika jina la siku kwa herufi, imeisha hiyo.

Kuna pia siku ambayo hakuna mstari wowote. Seva imezimika, malipo yamekwisha, chochote. Kengele inakaa ndani ya skripti, na skripti ikilala kengele imelala nayo. Kwa hivyo kila jioni saa moja na dakika tano napata ujumbe wa hesabu hata kama kila kitu ni shwari. Usipofika, hiyo ndiyo kengele.

Sikukuu ndizo bado nazifanya kwa mkono. Zile za tarehe maalum niliziweka mapema: Madaraka 1 Juni, Mashujaa 20 Oktoba, Jamhuri 12 Desemba na zingine. Sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake pia inaingia kwenye orodha, kwa sababu kisheria ni mapumziko. Mashujaa ya 2026 ni Jumanne, na bila hiyo orodha kurasa zote sita zingenipigia kengele kwa pamoja watu wakiwa nyumbani wanachoma nyama. Siku ya sikukuu haihesabiwi popote, haipigi kengele na haiingii kwa zile nane. Idd ndiyo haitaki kupangwa, inategemea mwezi, na tangazo linaweza kutoka siku chache tu kabla. Hapo nasubiri kama nyinyi wote, halafu naingia na simu naongeza mstari mmoja.